Ukurasa wa malipo wa zamani au mpya? Namna ya kupima bila kudanganywa na bahati

Tuchukue duka la mfano lililoko Langoni, mjini Lamu. Linauza vikoi, makubadhi na kofia za kushonwa kwa mkono, na wateja wake wengi wako Mombasa na Nairobi. Mzigo huvushwa kwa boti hadi Mokowe, kisha hupakiwa kwenye basi. Oda zinaingia kwa tovuti, na hapo ndipo penye shida: kati ya kila watu 100 wanaofika ukurasa wa malipo, 30 tu ndio wanaolipa.

Ukurasa wa sasa, tuuite A, unamtaka mteja afungue akaunti, kisha unamwonyesha namba ya Paybill na namba ya oda ili aende mwenyewe kwenye menyu ya M-Pesa akaziandike. Kijana anayeitunza tovuti ametengeneza ukurasa wa pili, B. Huu unauliza mambo mawili tu, namba ya simu na mahali pa kupokelea mzigo, halafu ombi la malipo linajitokeza lenyewe kwenye simu ya mteja na yeye anaweka namba yake ya siri. Mwenye duka anataka kujua kama B inaleta malipo mengi zaidi, na kama ndiyo, kwa kiasi gani.

Njia inayowajia wengi ni kutumia A mwezi huu na B mwezi ujao, kisha kulinganisha. Usifanye hivyo. Mwezi ujao unaweza kuangukia Ramadhani, au Mfungo Sita wakati wa Maulidi ambapo Lamu inajaa wageni, au mishahara ikachelewa. Utakuwa umelinganisha miezi, si kurasa. Kurasa zote mbili ziende pamoja, siku zilezile, na kila anayefika apangiwe mmojawapo kwa bahati nasibu. Hapo Idi ikija, inawakuta wa A na wa B sawasawa.

Kwanza, jua bahati peke yake inaweza kufanya nini

Kabla ya kulinganisha A na B, fikiria jaribio la A na A. Kurasa mbili zilezile, hazina tofauti hata ya nukta, na kila moja inapata watu 100. Kiwango halisi cha kulipa ni asilimia 30 pande zote mbili. Je, utapata 30 kwa 30? Ni nadra. Utapata 27 kwa 34, au 33 kwa 26. Kwa watu 100 kila upande, tofauti ya pointi 6 za asilimia au zaidi hutokea zaidi ya mara moja katika kila majaribio matatu, na hakuna kilichobadilika.

Mchezo huu wa bahati una kipimo. Wanatakwimu hukiita kosa sanifu. Hapa nitakiita mtikisiko, kwa sababu ndivyo kinavyofanya, kinatikisa namba zako huku na huku. Ikiwa p ni kiwango cha kulipa na n ni idadi ya watu kwa kila kundi, mtikisiko wa tofauti ni:

```
mtikisiko = SQRT(2 * p * (1-p) / n)
```

Kwa p ya 0.30 na n ya 100, jibu ni 0.065, yaani pointi 6.5. Kwa n ya 1,000 ni pointi 2 na kidogo. Kanuni ya kuhukumu inatoka hapa: kurasa zikiwa sawa, tofauti utakayoiona itabaki ndani ya mitikisiko 2 (kwa usahihi 1.96) kwenye majaribio 95 kati ya 100. Ikivuka ukuta huo, ndipo bahati inapoanza kuwa maelezo dhaifu.

Idadi ya watu unaowahitaji

Idadi hii huamuliwa kabla ya jaribio kuanza, na swali linaloiamua ni la biashara: ni tofauti ndogo kiasi gani ambayo bado ingekufaa? Mwenye duka wetu anasema akitoka 30 akafika 36 kwa 100, gharama za kuunganisha malipo mapya zitarudi. Basi tunatafuta pointi 6.

Mtu anaweza kusema, tuchukue watu wa kutosha ili pointi 6 ziwe sawa na mitikisiko 2, yatosha. Haitoshi. Hata kama B inazidi kwa pointi 6 kamili, bahati itaivuta tofauti yako chini nusu ya mara na kuipandisha juu nusu ya mara. Ukuta ukiwa hapohapo kwenye 6, utaikosa B nzuri mara moja katika kila mbili. Inabidi kuacha nafasi. Kawaida iliyozoeleka ni kuifanya tofauti unayoitafuta iwe sawa na mitikisiko 2.8, na hapo uwezekano wa kuigundua, ikiwa ipo kweli, ni asilimia 80. Ukiipanga hesabu hiyo upya unapata kanuni ya kukumbuka kwa kichwa:

```
n kwa kila kundi = 16 * p * (1-p) / d^2
```

Hapa d ni tofauti unayoitafuta. Kwa duka letu, 16 × 0.30 × 0.70 ni 3.36. Gawanya kwa 0.06 × 0.06, yaani 0.0036, unapata 933. Tuzungushe iwe 1,000 kila kundi, jumla 2,000.

Angalia jinsi d inavyotawala. Ukitaka kugundua pointi 3 badala ya 6, n inaruka hadi 3,733. Umepunguza tofauti nusu, watu wakawa mara nne. Ndiyo maana duka dogo lisipoteze muda kupima rangi ya kitufe. Rangi ya kitufe, hata ikisaidia, itasaidia kwa sehemu ya pointi, na huna watu wa kuiona.

Sasa geuza watu wawe muda. Duka linapata watu 400 kwa wiki kwenye ukurasa wa malipo, kwa hiyo watu 2,000 ni wiki 5. Hesabu wiki kamili, kwa sababu Ijumaa na Jumapili si sawa kwa ununuzi, na hakikisha mwisho wa mwezi umo ndani, maana mkoba wa tarehe 30 si mkoba wa tarehe 18.

Na mwenye duka anayepata watu 60 tu kwa wiki? Kwa pointi 6 angehitaji zaidi ya miezi saba. Huyo ajaribu jambo kubwa linaloweza kuleta pointi 15. Kanuni inampa watu 149 kila kundi, na wiki tano zinamtosha. Asipokuwa na badiliko kubwa la kujaribu, ni afadhali awapigie simu wateja kumi walioacha vikapu njiani awaulize kilichowazuia. Atajifunza mengi zaidi kuliko kwa jaribio lisiloweza kumjibu.

Kugawa na kuhesabu

Mteja apangiwe kundi anapofika ukurasa wa malipo, si anapofungua tovuti. Ukiwahesabu pia walioangalia picha za vikoi wakaondoka, unajaza makundi yote mawili kwa watu ambao hawakuuona ukurasa unaoupima, na tofauti inazama. Akishapangiwa, abaki hapohapo kila anaporudi:

```js
let k = localStorage.getItem("kundi");
if (!k) {
  k = Math.random() < 0.5 ? "A" : "B";
  localStorage.setItem("kundi", k);
}
```

Kundi hilo liandikwe pia kwenye seva, pamoja na saa aliyofika na namba ya oda. Wapo watakaoanza ndani ya Instagram kisha wakafungua kivinjari kingine na kuangukia kundi la pili. Wakiwa wachache hawadhuru. Wanachofanya ni kuififiza tofauti, hawaitengenezi pasipokuwa nayo.

Kuhesabu malipo kunataka uangalifu zaidi, na kwa malipo ya M-Pesa hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika. Usihesabu waliobonyeza "Lipa". Hesabu pesa iliyoingia. Kwa ukurasa B, jibu linalorudi kwenye seva yako lina `ResultCode`, na ni `0` pekee inayomaanisha amelipa. `1032` ni mteja aliyekataa, `1` ni salio halikutosha, `1037` ni simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati.

Ukurasa A una mtego wake. Mteja anaandika namba ya oda kwa mkono, na wapo watakaoikosea. Pesa inaingia lakini mfumo haujui ni ya oda ipi. Usipoyatafuta malipo hayo na kuyaunganisha na oda zake, A itaonekana mbaya kuliko ilivyo, na B itashinda kwa makosa ya kitabu chako. Pia mtu wa A anaweza kuhifadhi namba ya Paybill akalipa kesho jioni, ilhali wa B analipa papo hapo au halipi. Kwa hiyo weka muda mmoja kwa wote, tuseme saa 72 tangu alipofika. Na wiki ya tano ikiisha, subiri hizo saa 72 kabla ya kufunga hesabu, la sivyo wateja wa mwisho wa A wanadhulumiwa.

Wiki ya kwanza, na kishawishi cha kufunga mapema

Siku ya sita namba ziko hivi: A imepata watu 170, wamelipa 48, yaani asilimia 28.2. B imepata 172, wamelipa 66, asilimia 38.4. Pointi 10! Mwenye duka anamwita kijana.

"Mwanangu, mbona tunaendelea kupoteza? Weka huo mpya kwa wote leo."

"Shangazi, tulikubaliana watu elfu mbili. Hawa hawajafika hata mia nne."

Kijana yuko sahihi, na sababu si ukaidi. Tofauti hii ni mitikisiko 1.99, imevuka ukuta wa 1.96 kwa nywele. Lakini ule ukuta umejengwa kwa mtu anayeangalia mara moja tu, mwishoni. Anayeangalia kila siku akiwa tayari kusimama siku yoyote atakayoona ushindi, anaipa bahati nafasi nyingi za kumdanganya. Ukiangalia mara 5 kwa vipindi sawa, uwezekano wa kutangaza mshindi wakati kurasa ni sawa hauko tena 5 kwa 100, unapanda hadi 14. Ukiangalia mara 10 ni 19. Kuna njia za kitakwimu zinazoruhusu kuangalia njiani, lakini ukuta wake huwa mrefu zaidi kwenye siku za mwanzo, na ile 1.99 ya siku ya sita isingeuvuka.

Kuna hasara nyingine. Anayefunga siku ambayo namba zinang'aa huondoka na tofauti iliyovimba. Angewaahidi mafundi kazi ya pointi 10, kisha oda zisije.

Unachoruhusiwa kuangalia njiani ni kama kitu kimevunjika. Je, malipo ya B yanaingia? Je, `1037` zimefurika ghafla? Ukurasa ukiwa umekufa, simamisha, tengeneza, na uanze upya kuhesabu kutoka sifuri.

Kuhukumu

Wiki tano zimepita na saa 72 zimesubiriwa. A: watu 1,004, waliolipa 301. B: watu 996, waliolipa 348.

Kabla ya kugusa malipo, tazama idadi za watu. Kwa mgawanyo wa nusu kwa nusu wa watu 2,000, kila kundi huyumba kwa takriban 22 kutoka 1,000. Hapa tumeyumba kwa 4, ni salama. Ungeona 1,080 kwa 920 ungejua kuna kitu kibovu, pengine ukurasa mmoja unachelewa kufunguka kwenye simu za bei nafuu na watu wanakimbia kabla hawajahesabiwa. Matokeo ya namna hiyo hayasomwi, hata yakipendeza vipi. Tafuta kasoro kwanza.

Sasa hesabu. A ni asilimia 29.98, B ni 34.94, tofauti pointi 4.96. Kiwango cha wote pamoja ni 649 kwa 2,000, yaani 0.3245. Kwenye lahajedwali:

```
=348/996-301/1004
=SQRT(0.3245*(1-0.3245)*(1/1004+1/996))
=2*(1-NORM.S.DIST(2.37,TRUE))
```

Mstari wa kwanza unatoa 0.0496. Wa pili ni mtikisiko, 0.0209. Gawanya wa kwanza kwa wa pili unapata 2.37, na hiyo ndiyo imo kwenye mstari wa tatu, unaotoa 0.018.

Asiyeridhika na kanuni anaweza kuiona bahati ikifanya kazi kwa macho yake. Chukua watu wote 2,000, wenye kulipa 649 na wasiolipa 1,351, wachanganye kama karata, wagawe upya bila kujali waliona ukurasa gani, na uone ni mara ngapi mgawanyo wa ovyo unatoa tofauti kubwa kama yako:

```python
import random
watu = [1]*649 + [0]*1351
mara = 0
for i in range(10000):
    random.shuffle(watu)
    a = sum(watu[:1004])/1004
    b = sum(watu[1004:])/996
    if abs(b-a) >= 0.0495:
        mara += 1
print(mara/10000)
```

Jibu litakuwa karibu na 0.02. Mimi huipenda njia hii kuliko fomula, kwa sababu mwenye duka asiyejua takwimu anaielewa akionyeshwa mara moja.

Ile 0.018 isomwe kwa makini. Inasema: kama kurasa hizi zingekuwa sawa kabisa, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingejitokeza takriban mara 2 katika 100. Haisemi kwamba kuna uhakika wa asilimia 98 kuwa B ni bora, ingawa utasikia wengi wakiisoma hivyo. Tuliweka ukuta wa 5 kwa 100 tangu mwanzo, tumeuvuka, tunahamia B.

Lakini usimwambie mwenye duka "tumepata pointi 5" ukaishia hapo. Chukua tofauti, ongeza na upunguze mitikisiko 1.96: faida halisi inaweza kuwa popote ndani ya mpaka wa pointi 0.9 hadi 9.1. Kwa watu 400 kwa wiki, hiyo ni kati ya oda 4 na 36 za nyongeza. Kama ada za malipo mapya zinahitaji oda 10 kwa wiki kurudi, basi bado kuna nafasi kwamba hazitarudi, na mwenye duka ana haki ya kuijua nafasi hiyo kabla ya kutia saini mkataba wa mwaka.

Na tofauti ingetoka pointi 2? Hapo usiseme "kurasa ni sawa". Mpaka wako ungekuwa kuanzia hasara ya pointi 2 hadi faida ya pointi 6. Maana yake jaribio halikuweza kutenganisha. Bakia na ukurasa ulio rahisi kuutunza, na usiongeze wiki moja moja hadi upate jibu unalolitaka. Huko ni kuangalia mara nyingi kwa jina jingine.

Ukipima bei badala ya ukurasa

Bei ina hesabu tofauti, kwa sababu bei ya juu karibu kila mara hupunguza wanaolipa. Ukihukumu kwa idadi ya oda, bei ya chini itashinda daima na duka litafilisika likiwa na wateja wengi. Pima faida kwa kila mtu aliyefika.

Tuseme kikoi kinakugharimu shilingi 1,000. Unakiuza 1,500 na unataka kujaribu 1,700. Faida ni 500 au 700. Kwa watu 1,000 kila upande, wamenunua 300 kwa bei ya chini na 262 kwa bei ya juu. Faida kwa kila aliyefika ni shilingi 150 dhidi ya 183.40, tofauti 33.40. Mtikisiko unachanganya wa pande mbili, kila mmoja ukizidishwa kwa faida yake:

```
=SQRT(700^2*0.262*0.738/1000 + 500^2*0.3*0.7/1000)
```

Jibu ni takriban 12.1. Tofauti ni mitikisiko 2.75, na mpaka wake ni kati ya shilingi 10 na 57 hivi kwa kila mtu. Bei mpya inashinda, ijapokuwa wanunuzi 38 wamepungua.

Ila Lamu ni mji ambamo habari husafiri haraka kuliko boti. Dada atamtumia mdogo wake kiungo kwa WhatsApp, mmoja ataona 1,500 na mwingine 1,700, na duka litaitwa la udanganyifu kabla ya magharibi. Kwa hiyo bei ijaribiwe kwenye bidhaa mpya ambayo hakuna aliyezoea bei yake, kiungo kinachotumwa kibebe bei ya aliyekituma, na yeyote atakayeuliza apewe ile ya chini papo hapo bila ubishi, huku akibaki kuhesabiwa kwenye kundi alilopangiwa, kwa faida iliyopatikana kweli. Wanaorudishiwa tofauti wakizidi wachache, simamisha jaribio: namba zake hazipimi tena bei mbili.